Seva yako, sanduku la ofisi au huduma ya kutuma: barua pepe za programu zipitie wapi?

Mtumiaji amesahau neno la siri, amebofya kitufe cha kuomba kiungo kipya, na sasa anasubiri. Kiungo kilishatumwa, kikapokelewa upande wa pili, na kimelala kwenye folda ya barua taka. Yeye hajui. Anabofya tena mara tatu, kisha anaandika kwamba programu yenu ni mbovu. Ukiangalia kumbukumbu za seva unakuta barua zote nne zimeandikwa kuwa zimefika salama, na kwa kweli zimefika.

Barua za namna hii, yaani kiungo cha neno la siri, risiti au namba ya uthibitisho, programu huzituma zenyewe kwa mtu mmoja kwa sababu amefanya jambo fulani. Kuna njia tatu za kuzituma. Unaweza kuendesha seva yako ya barua, unaweza kuipa programu akaunti katika sanduku la barua la ofisi, au unaweza kujiunga na huduma ambayo kazi yake ni kutuma. Walio wengi huzilinganisha kwa bei na wepesi wa kuanza. Mimi nazilinganisha kwa swali moja: barua ikifika, ni nani aliyeidhaminia, na je, jina la mdhamini ndilo jina ambalo mpokeaji analiona?

## Barua moja, majina matatu

Barua pepe, kama ya karatasi, ina bahasha na ina barua yenyewe. Jina analoliona msomaji ni lile la ndani, kwenye `From`. Bahasha nayo ina anwani yake, ambayo baada ya kupokelewa huonekana kama `Return-Path`, na barua ikishindikana hurudishwa huko. Jina la tatu ni la aliyetia saini ya DKIM, nalo liko kwenye sehemu ya `d=` ya saini hiyo.

SPF hukagua bahasha peke yake. Seva inayopokea huchukua domeni ya `Return-Path`, husoma rekodi ya TXT ya domeni hiyo kwenye DNS, kisha huuliza: anwani hii ya IP inayoniletea barua imo katika orodha? `From` haiguswi kabisa. Hili huwashangaza hata watu waliokwisha kuandika rekodi nyingi za SPF.

DKIM hufanya kazi kwa njia nyingine. Seva inayotuma hutia saini kwa ufunguo wa siri, na ufunguo wa umma unawekwa kwenye DNS chini ya domeni iliyotajwa kwenye `d=`. Mpokeaji huuchukua na kuthibitisha kwamba barua haikubadilishwa njiani. Lakini `d=` yaweza kuwa domeni ya mtu yeyote. Saini ya mgeni nayo ni saini halali.

Ndiyo maana ikaja DMARC, iliyochapishwa kama RFC 7489 mwaka 2015. Yenyewe huuliza jambo la ziada: kati ya SPF na DKIM, je, angalau moja imefaulu kwa domeni inayooana na ile ya `From`? Kwa kawaida domeni ndogo inakubalika, hivyo `barua.example.com` inaoana na `example.com`.

Nilijifunza hili kwa shida. Tulikuwa na programu iliyotuma kupitia huduma moja, na malalamiko ya barua kupotea yalikuwa hayaishi. Paneli ya huduma ilionyesha alama za kijani kila mahali. Nilibadilisha maneno ya kichwa cha barua, nikaondoa picha, nikafupisha kiungo, nikakirefusha tena. Siku mbili zikaenda hivyo. Siku ya tatu nikafungua barua moja iliyofika Gmail, nikachagua kuona nakala yake asili, nikakuta haya (domeni nimebadilisha):

```
Authentication-Results: mx.google.com;
  dkim=pass header.i=@mtumaji.example header.s=k1;
  spf=pass smtp.mailfrom=rudi@mtumaji.example;
  dmarc=fail (p=NONE) header.from=example.com
```

SPF imefaulu, DKIM imefaulu, DMARC imeanguka. Kila kitu kilikuwa kimedhaminiwa na huduma kwa jina la huduma, na hakuna hata kimoja kilichodhaminiwa kwa jina letu. Rekodi ya SPF niliyokuwa nimeiongeza kwa uangalifu kwenye `example.com` haikuwa imesomwa hata mara moja, kwa sababu bahasha ilikuwa na domeni nyingine. Dawa ilikuwa rekodi mbili ambazo paneli iliziita za hiari: moja ya kuweka ufunguo wa DKIM chini ya domeni yetu, nyingine ya kufanya bahasha itumie domeni yetu ndogo. Baada ya hapo mistari ilisomeka hivi:

```
  dkim=pass header.i=@example.com header.s=k1;
  spf=pass smtp.mailfrom=rudi@barua.example.com;
  dmarc=pass (p=NONE) header.from=example.com
```

Tangu siku hiyo nikipewa njia yoyote ya kutuma, mistari hii mitatu ndiyo ninayoitazama kabla ya bei.

## Seva yako mwenyewe

Kwa kuoana kwa majina, njia hii ndiyo nyoofu kuliko zote. Seva ni yako, bahasha ni yako, ufunguo ni wako. Kwa Postfix na OpenDKIM, ufunguo hutengenezwa kwa amri moja:

```
opendkim-genkey -b 2048 -d example.com -s app1
```

Utapata mafaili mawili: `app1.private`, ambalo halitoki kwenye seva, na `app1.txt`, lenye rekodi ya kuweka kwenye `app1._domainkey.example.com`. SPF yake nayo ni fupi:

```
v=spf1 ip4:203.0.113.25 -all
```

Mtego uko mahali pasipotazamiwa. Programu inayoita `sendmail` bila kutaja mtumaji wa bahasha huacha mfumo ujaze wenyewe, na mfumo hujaza kitu kama `www-data@app01`. `From` yako inasoma vizuri, lakini SPF inakaguliwa kwa jina la mashine ambalo huenda halipo hata kwenye DNS. Taja bahasha waziwazi, kwa mfano kwa `-f rudi@example.com`, na hakikisha anwani hiyo inapokea barua kwelikweli, maana zilizoshindikana zitarudi huko.

Kisha kuna mambo ambayo SPF na DKIM hazina uwezo nayo. Watoa huduma wengi wa seva za kukodi hufunga mlango 25 wa kutokea, Amazon EC2 wakiwemo, na haufunguliwi mpaka uombe. Anwani ya IP lazima iwe na rekodi ya PTR inayorejesha jina la seva, na jina hilo nalo lirejeshe IP ileile. Zaidi ya hapo, IP uliyokodi ina historia. Huenda aliyeitumia kabla yako alimwaga barua taka kwa miezi, nawe umerithi jina lake baya. Au haina historia kabisa, na seva zinazopokea huitazama kama mgeni aliyebisha hodi usiku: hawamfukuzi, ila hawamfungulii haraka.

Kuiweka ni kazi ya siku moja. Kuilinda haina mwisho: kusoma barua zinazorudi, kuacha kuandikia anwani zilizokufa, kugundua kwamba IP imeingia kwenye orodha mbaya kabla wateja hawajakuambia. Kama hakuna mtu mwenye jina ambaye hiyo ni kazi yake, mimi nasema msianze.

## Sanduku la ofisi

Hii ndiyo njia ya haraka, na nakiri nimeitumia zaidi ya mara moja. Ofisi tayari ina Google Workspace, tayari rekodi ya SPF ina `include:_spf.google.com`, unaunda akaunti moja, unaiwekea nywila ya programu, mchezo umekwisha. Bahasha na `From` ni domeni yenu, kwa hiyo SPF inaoana bila jasho.

DKIM ndiyo inayosahauliwa. Msimamizi asipotengeneza ufunguo kwenye paneli, akauweka kwenye `google._domainkey` kisha akabofya kuanza kutia saini, Google hutia saini kwa domeni yake inayoishia `gappssmtp.com`. Ofisi nyingi hukaa hivyo miaka bila kujua, kwa sababu SPF inawabeba. Siku mpokeaji mmoja akiwa na sanduku linalofowadi barua kwenda lingine, SPF huanguka, kwani IP inayoleta barua sasa ni ya seva ya katikati. DKIM ingevuka salama, maana saini imo ndani ya barua na haijali nani ameibeba, ilimradi hakuna aliyegusa maneno. Ndiyo sababu nikiulizwa kipi kianze kati ya hivyo viwili, nasema DKIM.

Mipaka ya njia hii iko kwenye idadi. Akaunti ya kulipia ya Google Workspace huruhusiwa barua 2,000 kwa siku. Ukipita, akaunti hufungiwa kutuma kwa muda unaoweza kufika saa 24, na katika saa hizo hakuna anayepata kiungo chake. Hitilafu ndogo kwenye programu, kama kazi inayojirudia kila dakika, yatosha kuumaliza mgao kabla ya chakula cha mchana. Jambo jingine: programu ikijaribu kuweka `From` ambayo si ya akaunti wala si jina lake la ziada lililosajiliwa, Gmail huibadilisha iwe anwani ya akaunti. Watu hudhani msimbo wao umekosewa.

La mwisho ni sifa ya jina. Barua za programu na barua za mkurugenzi zinatoka mlango mmoja. Wapokeaji wakianza kuzibofya za programu kuwa taka, anayeumia pia ni yule anayetuma mkataba kwa mteja mkubwa. Kwa programu ya ndani yenye watumiaji mia, sijali. Kwa programu iliyo wazi kwa umma, najali sana.

## Huduma ya kutuma

Hapa wako kina Amazon SES, Postmark, Mailgun na SendGrid. Nitachukua SES kwa sababu rekodi zake zinaonyesha vizuri kinachotendeka.

Ukithibitisha domeni nzima, SES hukupa rekodi tatu za CNAME, kila moja ikiwa na umbo hili:

```
abc123._domainkey.example.com  CNAME  abc123.dkim.amazonses.com
```

Kwa kuwa ni CNAME, ufunguo wenyewe unakaa kwao na wanaweza kuubadilisha bila kukusumbua. Saini inatoka na `d=example.com`, na DMARC inaridhika. Lakini ukithibitisha anwani moja tu ya barua, njia ambayo wanaojaribu huipenda kwa sababu haihitaji kugusa DNS, saini inayobaki ni ya `amazonses.com` peke yake. Huo ndio ugonjwa wangu wa siku mbili kwa sura nyingine.

Bahasha nayo, usipofanya lolote, ni domeni ndogo ya `amazonses.com`. Kuifanya yenu unachagua domeni ndogo isiyotumika kwa kingine, unaweka rekodi mbili:

```
barua.example.com  MX   10 feedback-smtp.us-east-1.amazonses.com
barua.example.com  TXT  "v=spf1 include:amazonses.com ~all"
```

Angalia SPF imewekwa wapi: kwenye domeni ndogo. Maelekezo mengi yanayozunguka mtandaoni huwaambia watu waongeze `include` ya kila huduma kwenye domeni kuu. Haisaidii, kwa sababu hakuna bahasha inayotumia domeni kuu kupitia huduma hiyo. Tena inadhuru, maana SPF inaruhusu uchunguzi wa DNS 10 tu kwa kila ukaguzi, na kila `include` hula nafasi, pamoja na zile zilizomo ndani yake. Ukizidi, jibu ni `permerror`, na SPF ya sanduku la ofisi huanguka pamoja nayo. Nimeona ofisi ambayo rekodi yake ilikuwa na majina ya huduma nne walizokwisha acha kuzilipia.

Akaunti mpya ya SES huanzia kwenye eneo la majaribio: barua 200 kwa saa 24, na kwa anwani zilizothibitishwa pekee. Kutoka humo unaandika ombi ukieleza unatuma nini na unafanyaje barua zikirudi. Jibu swali hilo la pili kwa uzito, kwa kuwa wao wenyewe wanalifuatilia: barua zinazorudi zikifika asilimia 5, akaunti yaweza kuwekwa chini ya uangalizi, na zikifika asilimia 10 kutuma kwaweza kusimamishwa.

Unachonunua hasa ni IP ambazo tayari zinajulikana na mtu wa kuzilinda. Unachopoteza ni kwamba IP hizo unagawana na wengine. Kwa barua mia chache au elfu chache kwa siku, kugawana ni bora kuliko IP yako pekee, kwa kuwa IP yenye barua chache haijengi sifa yoyote. Postmark wameenda hatua moja mbele: wanatenganisha mkondo wa barua za programu na ule wa matangazo, ili kiungo cha neno la siri kisichafuliwe na jarida la mwezi. Hilo mimi nalipia bila kubisha.

Kero moja ambayo haiandikwi sana: anwani ikirudisha barua kwa kosa la kudumu, hata mara moja tu, huduma nyingi huiweka kwenye orodha ya wasioandikiwa tena. Mtumiaji akirekebisha sanduku lake wiki ijayo, programu yako inatuma, huduma inapokea, na barua haiendi popote. Mtu akisema hapati kitu kabisa, hata kwenye barua taka, anza kutafuta humo.

## Kwa jicho moja

| | Seva yako | Sanduku la ofisi | Huduma ya kutuma |
|---|---|---|---|
| Bahasha inaoana na `From`? | Ndiyo, ukiitaja | Ndiyo | Ukiweka domeni ndogo |
| DKIM kwa jina lako? | Ukiiweka | Msimamizi akiiwasha | Ukithibitisha domeni nzima |
| Sifa ya IP | Yako peke yako | Ya mtoa sanduku | Ya pamoja |
| Kinachokwama kwanza | Mlango 25 na PTR | Mgao wa siku | Idhini ya mwanzo |

## Makosa ya DNS yasiyochagua njia

Paneli nyingi za DNS hujiongezea jina la domeni. Ukibandika `app1._domainkey.example.com` kwenye nafasi ya jina, rekodi inazaliwa kwenye `app1._domainkey.example.com.example.com`, na hakuna atakayeipata. Usiiamini paneli, uliza DNS yenyewe:

```
dig +short TXT app1._domainkey.example.com
```

Kimya maana yake rekodi haipo hapo. Ikirudi ikiwa imekatika, shida ni urefu: kipande kimoja cha TXT hakizidi herufi 255, na ufunguo wa biti 2048 unapita hapo, kwa hiyo lazima ugawanywe katika vipande viwili vyenye alama za nukuu, ndani ya rekodi ileile moja. Usikimbilie ufunguo wa 1024 ili kukwepa hili.

SPF ni kinyume: domeni moja, rekodi moja. Ukiongeza ya pili kwa ajili ya seva mpya na kuiacha ya kwanza, zote mbili zinabatilika. Unaziunganisha:

```
v=spf1 ip4:203.0.113.25 include:_spf.google.com ~all
```

Na DMARC? Anza na `v=DMARC1; p=none; rua=mailto:ripoti@example.com` kwenye `_dmarc.example.com`. Haizuii kitu, lakini ripoti zitakuonyesha ni seva zipi zinatuma kwa jina lako, na karibu kila mara kuna moja uliyoisahau. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo hudai SPF au DKIM kwa kila mtumaji. Kwa wanaotuma nyingi, ambao Gmail inawahesabu kuanzia barua 5,000 hivi kwa siku, wanadai zote mbili pamoja na DMARC. Wanataka pia malalamiko ya barua taka yasifike asilimia 0.3. Hili la mwisho hakuna rekodi ya DNS inayoliponya.

## Ningechagua ipi

Kwa programu ya umma, huduma ya kutuma, yenye DKIM kwa domeni yenu na bahasha kwenye domeni ndogo. Kwa kifaa cha ndani kinachotuma barua hamsini kwa siku kwa wafanyakazi wenyewe, sanduku la ofisi, baada ya kuhakikisha DKIM imewashwa. Seva yako mwenyewe, pale tu ambapo sheria au mkataba unakataza barua zisipitie kwa mtu wa tatu, na kuna mtu wa kuilinda.

Ukihama kutoka moja kwenda nyingine, weka ufunguo mpya kwa jina jipya, `app2` kando ya `app1`, na uache vyote viwili. Usifute cha zamani siku ileile. Barua zilizotiwa saini jana zaweza kuwa bado kwenye foleni, na mpokeaji hukagua ufunguo zinapofika. Postfix, kwa mpangilio wake wa kawaida, hung'ang'ana na barua hadi siku 5 kabla ya kukata tamaa, hivyo wiki moja inatosha kabla ya kuiondoa `app1`.